Taa isiyowaka kwenye picha yako ndiyo inayonitia wasiwasi

*"Shikamoo fundi. Nimenunua Premio ya 2004 mkononi kwa mtu, hapa hapa Tanga. Jana usiku nilisimama Pongwe nikapiga picha dashibodi maana taa zilikuwa nyingi: betri nyekundu, alama ya mshangao nyekundu ndani ya duara, na ile ya injini ya njano. Njiani kutoka Muheza hiyo ya mshangao ilikuwa ikiwaka nikikata kona, kisha inazima yenyewe. Jirani anasema alteneta imekufa, ninunue nyingine. Mwingine anasema ya njano ndiyo mbaya, nisiendeshe kabisa. Jumapili nataka kuwapeleka watoto Lushoto kwa bibi yao. Ipi nianze nayo? Picha hiyo hapo."*

Marahaba, mwanangu. Alteneta usinunue kwanza. Hakuna chochote kwenye picha hii kinachoonyesha kwamba imekufa.

Tazama tena picha yenyewe, lakini safari hii ziache taa utazame mishale. Mshale wa mizunguko ya injini umelala kwenye sifuri. Injini inayounguruma, hata gari ikiwa imesimama tuli, huuweka mshale huo karibu na 700 au 800, haiwezi kuuacha sifuri. Maana yake ulipopiga picha ulikuwa umekwisha kuzima injini na ufunguo umebaki kwenye ON, au uliuzungusha hadi ON bila kupiga starta. Na kwenye ON, kabla injini haijawaka, dashibodi huwasha taa zake za hatari kwa makusudi ili dereva aone kwamba kila taa ni nzima. Ndiyo maana picha ya namna hii huwatisha watu bure.

Taa ya betri, kwa mfano, haipimi betri. Inaangalia kama alteneta inachaji. Alteneta huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini, kwa hiyo injini ikizimwa hakuna chaji, na taa lazima iwake. Hapo inakwambia ukweli mtupu: sasa hivi sichaji. Ukipiga starta na injini ikashika, taa ile inapaswa kuzima ndani ya sekunde moja au mbili. Ikizima, habari ya alteneta imekwisha. Ukitaka uhakika zaidi, fundi umeme yeyote mwenye mita ataigusa betri kwa dakika moja: injini ikiwa imezimwa na gari imepumzika, betri nzima husoma kama volti 12.5, injini ikiunguruma, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na ushee wakati injini inaunguruma, hapo ndipo tuzungumze habari ya alteneta, na hata hapo tuanze na mkanda na waya kabla ya kununua spea.

Ile ya njano yenye umbo la injini nayo ni hivyo hivyo. Kwenye ON inawaka, injini ikiwaka inazima. Hukuniambia kama ilibaki njano ukiwa barabarani, na picha haiwezi kunijibu hilo. Nitairudia baadaye, kwa sababu kuna jambo zito zaidi.

Kwenye picha yako naona betri, naona mshangao, naona injini ya njano. Sioni birika. Namaanisha ile taa nyekundu yenye umbo la birika dogo lenye mdomo mrefu na tone linalodondoka. Hiyo ndiyo taa ya shinikizo la oili, na kwa gari lililo kwenye ON na injini imezimwa, ilipaswa kuwa inawaka pamoja na ya betri. Haipo.

Zipo taa nyingine ambazo hazimo pichani na sizijali. Ya ABS na ya mifuko ya hewa, yaani SRS, huwaka kwenye ON kwa sekunde chache tu, kisha kompyuta zake zikijiona salama zinazima hata kama injini haijawashwa. Kama ulichelewa kutoa simu mfukoni, zilikuwa zimekwisha kuzima. Lakini taa ya oili haina saa. Haihesabu sekunde. Inangoja kitu kimoja tu, nacho ni oili kusukumwa na pampu, na pampu haisukumi mpaka injini izunguke. Basi kama haiwaki wakati injini imelala, haitawaka pia siku oili itakapokosa kusukumwa, na utakuwa unaendesha bila mlinzi.

Nieleze jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hapo utaweza kumfuatilia fundi bila kudanganywa. Kwenye mwili wa injini kuna swichi ndogo iliyofungwa kama nati, ina waya mmoja tu. Ndani yake kuna kiwambo kinachosukumwa na oili. Oili isiposukuma, swichi inaunganisha ule waya na bodi ya injini, umeme unapata njia, taa inawaka. Oili ikisukuma, kiwambo kinaachanisha, taa inazima. Ni hayo tu, hakuna kompyuta inayotafakari. Sasa fikiria ule waya ukichomoka, au ukiliwa na kutu. Njia ya umeme imekatika daima. Taa itabaki imezima ikiwa oili ipo, na itabaki imezima ikiwa oili haipo. Kwa dereva asiyejua, dashibodi inaonekana safi.

Waya kuchomoka wenyewe hutokea, na kwetu huku pwani kutu inasaidia sana. Gari linalolala Raskazone au Pangani kwa miaka linakula chumvi kwenye viunganishi vyote vya chini. Balbu nayo huungua. Lakini sitakuficha: kwenye gari la kununua mkononi, waya huu huchomolewa pia kwa mkono. Injini iliyochoka, oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, taa ya birika huanza kupepesa gari likisimama kwenye foleni. Mwenye kuuza akiona hivyo, kuna wanaokarabati na kuna wanaochomoa waya. Simtuhumu aliyekuuzia, simjui, na huenda hata yeye aliuziwa hivyo hivyo. Nasema tu kwamba mpaka ipimwe, hatujui tuko upande gani.

Unachoweza kufanya mwenyewe kesho asubuhi, kabla gari halijawashwa na likiwa mahali palipo sawa, ni kupima oili. Fungua boneti, chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Kuna alama ya L chini na F juu. Oili iwe katikati yake, na afadhali karibu na F. Kutoka L kufika F ni lita moja hadi moja na nusu hivi, na injini kama yako, 1NZ-FE ikiwa ndiyo ya 1500, inabeba takriban lita 3.7 zote pamoja na filta. Kwa hiyo kijiti kikitoka kikavu, ujue zaidi ya robo ya oili imekwenda zake. Ikiwa ipo chini ya L, ongeza nusu lita, subiri dakika chache, pima tena. Usimwage galoni zima kwa hofu, kwani oili ikizidi F nayo ina madhara yake. Ikiwa inaonekana kama maziwa ya chai, usiwashe gari, kwa sababu maji ya rejeta yamepenya ndani.

Lakini kijiti kinapima wingi, hakipimi shinikizo, na hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Wanasikia "taa ya oili" wanadhani inawaka oili ikipungua kidogo, kama taa ya petroli. Sivyo. Inawaka shinikizo likiwa limekaribia kuisha kabisa. Unaweza kuwa na oili pungufu kwa lita nzima na taa isiwake hata siku moja, ila pengine kwenye kona kali au breki ya ghafla, pale oili iliyobaki inapokimbilia upande mmoja na pampu ikavuta hewa. Unaweza pia kuwa na oili tele na taa ikawaka kwa sababu pampu imechoka au beringi za krenki zimelegea. Ndiyo maana taa hii, ikiwaka gari likiwa mwendoni, haina mjadala wala "nifike kwanza gereji". Krenki huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikosekana chuma kinasaga chuma. Dakika moja au mbili zinatosha injini kunoki. Unatoka pembeni, unazima, unapiga simu ya gari la kuvuta.

Kwa fundi, kazi ni fupi na ifanyike mbele ya macho yako. Mwambie aitafute swichi ya oili na auangalie waya wake. Ukiwa umechomoka, umepata. Ukiwa umekaa sawa, auchomoe, wewe uzungushe ufunguo hadi ON, yeye aguse ncha ya waya kwenye chuma cha injini. Birika likiwaka kwenye dashibodi, waya na taa ni vizima na swichi ndiyo mbovu; ni spea ndogo, ibadilishwe. Lisipowaka, tatizo liko kwenye waya unaopanda juu au taa yenyewe ndani ya dashibodi, na hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Usiondoke hapo. Waya ukirudishwa, au swichi ikibadilishwa, washa gari ulisikilize likiwa bado baridi. Injini hii inatumia cheni, na kinachoikaza cheni hiyo ni shinikizo la oili. Mlio wa kuchakacha kwa sekunde moja wakati wa kuwasha unavumilika. Ukiendelea, ni dalili kwamba oili inachelewa kufika. Kisha mwache fundi afunge geji ya mkono mahali pa ile swichi. Injini ikishapata moto, kwenye mizunguko 3000 geji isome kuanzia bar 1.5 kwenda juu, na gari likiwa limesimama injini ikizunguka taratibu isiwe chini ya bar 0.3. Kipimo hiki huchukua nusu saa, na ndicho kitakachokuambia kama waya ulichomoka kwa bahati mbaya au ulichomolewa kuficha kitu. Kama namba ziko chini, usiende Lushoto wala Muheza mpaka ijulikane sababu.

Sasa ile ya mshangao. Kwenye picha haina cha kunieleza, kwa sababu ulikuwa umesimama, na bila shaka uliivuta hendibreki; taa moja hiyo hiyo hutumika kwa hendibreki na kwa mafuta ya breki. Kilichonieleza ni maneno yako, si picha: inawaka kwenye kona na kuzima yenyewe. Hendibreki haijui kona. Mafuta ya breki ndiyo yanayojua.

Chini ya boneti, upande wa dereva nyuma kabisa, kuna kichupa cheupe kinachoonyesha ndani, kimeandikwa MAX na MIN. Ndani yake kinaelea kiboya kidogo. Mafuta yakiwa ya kutosha kiboya kinakaa juu, yakishuka kinashuka nacho na kugusisha taa. Kiwango kikiwa kimekaribia tu mstari wa MIN, kwenye barabara nyoofu taa inazima, lakini ukikata kona mafuta yanalala upande mmoja kama chai kwenye kikombe kilichoinamishwa, kiboya kinazama kidogo, taa inapepesa. Unanyoosha usukani, inazima. Kwa hiyo taa hii haichezi. Inakuonya mapema, na imeonya vizuri.

Mafuta hayo yamekwenda wapi? Kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza ni ya kawaida: pedi zimelika. Kadiri pedi inavyokuwa nyembamba, pistoni ya kalipa hutoka nje zaidi ili kuifikia disiki, na nafasi inayoachwa nyuma yake hujazwa na mafuta kutoka kwenye kichupa. Mafuta hayajavuja, yamehama tu. Ya pili ni kuvuja: mpira wa kalipa, bomba, au, kama nyuma una dramu, ile silinda ndogo iliyo ndani yake. Ukiona ndani ya tairi moja kuna unyevu wenye utelezi unaoteremka, au doa chini ya gari karibu na gurudumu asubuhi, ni njia ya pili.

Watu wengi hapa hufanya jambo moja: wananunua kichupa cha mafuta ya breki wanajaza, taa inazima, wanashukuru. Hapo umenyamazisha taa bila kujua sababu. Kama pedi zimelika, zinaendelea kulika mpaka chuma kikwaruze disiki. Na siku fundi atakapoweka pedi mpya atazirudisha pistoni ndani, mafuta uliyoongeza yatapanda na kumwagika kwenye rangi ya gari, na mafuta ya breki yanabandua rangi. Kama yanavuja, umejiongezea siku chache tu kabla ya pedali kugusa sakafu.

Kwa hiyo kwanza ni pedali. Gari likiwa limesimama, injini inaunguruma, kanyaga breki kwa nguvu na uishikilie kwa kama nusu dakika. Ikisimama imara mahali pamoja, vizuri. Ikizama polepole chini ya mguu, hiyo gari haiondoki hapo ilipo hata kwenda gereji ya mtaa wa pili, fundi aje. Pedali ikiwa imara, nenda taratibu kwa fundi, magurudumu yafunguliwe, pedi zitazamwe. Kitambaa cha pedi kikibaki milimita tatu au chini, zibadilishwe kabla ya safari yoyote ya mlimani. Na wakati magurudumu yamefunguliwa, dramu za nyuma zifunguliwe pia, mafundi hupenda kuziruka.

Kuna onyo moja ambalo siwezi kuliacha. Kichupa hicho kisiwekwe kitu kingine isipokuwa mafuta ya breki. Mfuniko wenyewe mara nyingi umeandikwa DOT 3. Oili ya injini au haidroli ikiingia humo, hata kidogo, mipira yote ya mfumo wa breki huvimba, na utabadilisha masta na kalipa zote.

Kwa nini ninaikazania breki kuliko ile ya njano? Kwa sababu ya unakokwenda. Ungeniambia ni Chumbageni na kurudi ningekuwa mpole kidogo. Lakini kutoka Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni ni kupanda kona juu ya kona, na Jumapili jioni utashuka njia ile ile, gari limejaa watoto na pengine magunia ya viazi na kabichi za bibi. Kuteremka ndiko kunakopika breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na hewa ya Tanga haina uhaba wa unyevu. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, ila ikishanyonya maji huweza kuchemka kwenye 140 hivi. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo pedali inakuwa laini kama sponji ghafla, katikati ya kona, wakati dakika tano nyuma ilikuwa nzuri. Kama hujui yalibadilishwa lini, na kwa gari la mkononi hujui, yamwagwe yote na kuwekwa mapya wakati pedi zinatazamwa. Na ukishuka, usitoke Lushoto hadi Mombo ukiwa kwenye D huku mguu umekaa kwenye breki. Weka gia ya 2, au L panapoporomoka zaidi, injini ikushikilie. Breki unaigusa unapoingia kona kisha unaiachia ipumue.

Nimalizie ya njano, ambayo mwenzako aliita mbaya kuliko zote. Washa gari. Ikizima baada ya injini kushika, hakuna jambo. Ikibaki inawaka bila kupepesa na gari linavuta kama kawaida, unaweza kuliendesha, ila ndani ya wiki nenda kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, aandike namba anayoiona, kwa mfano P0171 au P0420, na akuachie namba hiyo kwenye karatasi. Namba haisemi "nunua sensa". Inasema kompyuta imeona nini. P0171, kwa mfano, ni mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli iliyopo, na mara nyingi chanzo ni bomba la hewa lililopasuka na siyo sensa yoyote. Usikubali mtu achomoe terminali ya betri ili taa izime kisha aseme amemaliza. Amefuta maandishi tu, na sababu iko pale pale.

Ikipepesa, hapo mambo ni mengine. Kupepesa maana yake silinda moja inakosa moto, na petroli isiyoungua inakwenda kuunguzia kwenye egzosi na kuharibu kile kichujio chake cha gharama. Utalisikia gari likitetemeka. Punguza mwendo, usilipandishe mlima, tafuta fundi siku hiyo hiyo. Kwa injini hii huwa ni koili moja au plagi, na kila plagi ina koili yake, kwa hiyo fundi anaweza kuzibadilishana nafasi aone kama tatizo linahama nayo.

Na kama taa ya betri itawaka siku moja ukiwa njiani, injini inaunguruma kweli, usizime gari, zima kiyoyozi na redio, kisha tazama mshale wa joto. Kwenye injini yako mkanda unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Mshale ukitulia, unaweza kutoka Hale ukafika Muheza kwa umeme uliobaki kwenye betri, mchana. Mshale ukianza kupanda kuelekea H, mkanda umekatika. Simama hapo hapo.

Nipigie picha nyingine kesho, lakini ziwe mbili. Ya kwanza uzungushe ufunguo hadi ON, uhesabu polepole hadi kumi, upige. Ya pili uwashe injini, uiache dakika moja, ushushe hendibreki mguu ukiwa kwenye breki, upige. Kila taa iliyobaki kwenye picha ya pili ni tatizo la kweli. Na kila taa nyekundu ambayo haikuonekana kwenye ile ya kwanza, nataka kujua kwa nini.

Kwa hiyo mpangilio wako kabla ya Jumapili ni huu: kijiti cha oili asubuhi, pedali baada yake, kisha gereji moja yenye uwezo wa kufunga geji ya shinikizo na kufungua magurudumu siku moja. Kabla hujamlipa fundi, kaa kwenye kiti cha dereva, zungusha ufunguo hadi ON, na umwonyeshe kwa kidole lile birika likiwaka jekundu. Lisipowaka, kazi haijaisha, na watoto wapande basi Kange.